Wiki ya mwisho kabla ya jukwaa: kreatini uiache au uendelee nayo?

Zikibaki siku saba, mshindani wa kutunisha misuli anayejiandaa Tabora au Kigoma husikia ushauri uleule jimu: acha kreatini, inashika maji, utapanda jukwaani umevimba. Ushauri huu una chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Ni kweli kreatini, kemikali ya asili ya misuli inayouzwa pia kama unga, inaongeza maji mwilini. Ila maji hayo kwa sehemu kubwa yamo ndani ya misuli, wala si chini ya ngozi, na siku saba hazitoshi kuyatoa hata ukitaka. Anayeiacha siku ya Jumapili ili ashindane Jumamosi hapati mwili mkavu. Anachopata ni hofu, na hofu ndiyo inayomsukuma kukata chumvi, kukata maji na kuharibu kazi ya miezi minne.

Mwongozo huu unashughulikia uamuzi huo mmoja, pamoja na mambo machache yanayoamua kama misuli itaonekana imejaa au imenywea siku ya jukwaa.

Maji ya kreatini yako wapi

Mtu mzima wa kilo 70 hivi ana takriban gramu 120 za kreatini mwilini, na karibu gramu 95 katika kila 100 zimo kwenye misuli. Anayetumia kreatini kila siku anaweza kufikisha gramu 140 hadi 160, kutegemea alivyoanza. Anayekula nyama na samaki kila siku huanza na hazina kubwa, kwa hiyo nafasi yake ya kuongeza ni ndogo kuliko ya mtu wa maharage na mboga.

Kreatini inapoingia kwenye seli ya msuli huvuta maji kuifuata, kama chumvi inavyovuta maji kwenye nyanya iliyokatwa. Ndiyo maana wengi huongezeka kilo moja, wengine zaidi kidogo, katika wiki ya kwanza au ya pili ya kutumia. Baada ya hapo mwili hutulia, na mgawanyo wa maji yaliyo ndani ya seli na yaliyo nje hubaki karibu ulivyokuwa. Msuli wenyewe kwa kawaida ni maji kwa robo tatu ya uzito wake. Maji yakiwa mle ndani, msuli unakuwa mnene na ngozi inavutika juu yake. Huko ndiko kujaa tunakokutaka.

Maji yanayofuta mistari ni mengine: yale yaliyo kati ya seli na chini ya ngozi. Hayo hutawaliwa na chumvi, na wanga uliozidi, na usingizi mbovu, na safari ndefu ya kukaa, na kwa wanawake siku za mwezi. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, kinachofuta mistari si maji kabisa bali ni mafuta ambayo hayajaisha. Mtu akibana ngozi ya mgongo wa chini kwa vidole viwili na kupata mkunjo mnene, anapaswa kukubali kwamba dayati ilichelewa. Hakuna hila ya wiki ya mwisho inayoyeyusha mafuta.

Hesabu ya kuacha

Mwili hupoteza kreatini polepole. Kila siku takriban sehemu 1.7 kwa 100 ya hazina yote hugeuka taka iitwayo kreatinini na kutoka kwa mkojo. Kwa mtu mwenye gramu 155, hiyo ni kama gramu 2.6 kwa siku. Wakati huohuo ini na figo hutengeneza takriban gramu moja kwa siku, na chakula huleta nyingine, maana kilo moja ya nyama au samaki mbichi ina kama gramu 4 hadi 5.

Tuchukue mshindani wa Tabora mwenye kilo 74 na urefu wa sentimita 172, anayeshindana daraja la fiziki ya wanaume, ambaye ametumia gramu 5 kila siku kwa miezi minne. Tukadirie kwamba hazina yake ya ziada, ile iliyoletwa na kopo, ni gramu 30. Akiacha leo, atapoteza kati ya nusu gramu na gramu moja ya ziada hiyo kila siku. Baada ya siku saba atakuwa amepoteza gramu 4 hadi 6 tu katika zile 30. Kama ziada yote ilimletea kilo moja ya maji, kilichotoka ni gramu 150 au 200, sawa na kikombe kidogo cha chai. Tena kimetoka ndani ya misuli, mahali pale alipotaka kibaki.

Kurudi kwenye hazina ya mwanzo huchukua wiki nne hadi sita. Kwa hiyo kuacha katika wiki ya mwisho ni uamuzi usio na tija wala madhara makubwa. Ukiacha hutaharibika, lakini usidanganyike kwamba umejikausha. Kuendelea na gramu 3 hadi 5 kwa siku kunakuondolea jambo moja la kubadilisha katika wiki ambayo kila unachobadilisha kinaweza kukugeuka.

Ni lini kuacha kuna maana

Kuna hali moja tu ya kimashindano ambapo kuacha ni hesabu ya kweli: daraja la uzito. Fiziki ya wanaume kwa kawaida hugawanywa kwa urefu, hivyo kilo moja ya maji kwenye misuli haimdhuru mtu. Kutunisha misuli kwa madaraja ya uzito ni jambo jingine. Anayetaka kuingia chini ya kilo 75, na dayati yake ikiendelea vizuri inamwelekeza kwenye kilo 75.8, anaweza kuacha kreatini ili apunguze gramu mia kadhaa. Lakini uamuzi huo unafanywa wiki tano au sita kabla ya mizani, si siku tano.

Hata hapo ajiulize kwanza kama si afadhali apande daraja la juu akiwa amejaa. Mshindani wa kilo 75.8 aliyekauka vizuri huwa na sura bora kuliko yuleyule aliyejikamua hadi 74.9 kisha akapanda jukwaani misuli imenywea. Kwa maoni yetu, tofauti ya chini ya kilo moja haifai kukusumbua, isipokuwa daraja la juu lina watu wakubwa kupita kiasi.

Hali ya pili si ya kimashindano bali ya kitabibu. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie kreatini bila daktari. Na mwenye figo nzima akienda kupima damu, amwambie daktari kwamba anatumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini hupanda kidogo kwa mtumiaji hata figo zikiwa salama, na mtu mwenye misuli mingi huwa nayo juu tayari. Asiposema, anaweza kuambiwa ana tatizo asilo nalo.

Na ambaye hajawahi kuitumia? Asianze wiki ya mwisho. Mtindo wa gramu 20 kwa siku kwa siku tano hujaza misuli haraka, lakini pia huleta tumbo kujaa gesi na kuharisha kwa baadhi ya watu, na uzito hupanda wakati hujui utatulia wapi. Kama kuna wiki nne au zaidi, gramu 3 hadi 5 kila siku zitamfikisha palepale bila fujo. Kama zimebaki siku kumi, aache kabisa hadi baada ya mashindano.

Kopo lenyewe

Tumia kreatini monohaidreti ya unga isiyochanganywa na kitu. Poda za kuamsha mwili kabla ya mazoezi nyingi huwa na kreatini ndani pamoja na kafeini na vitu vingine, na mtu hujikuta anakunywa mara mbili bila kujua. Soma karatasi ya kopo. Unga unaouzwa kwenye mfuko wa plastiki usio na jina wala tarehe, hata kama muuzaji ni rafiki, uache kwa msimu huu.

Pima kwa mizani ya jikoni angalau mara moja ili ujue kijiko chako kinabeba gramu ngapi, maana kijiko cha chai kimoja hubeba 3 na kingine 5 kulingana na ulivyokijaza. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu na unywe muda huohuo. Usikoroge asubuhi ukanywa kesho yake, kwa kuwa ndani ya maji kreatini hugeuka kreatinini polepole. Unga ambao haukuyeyuka hushuka hadi utumbo, huvuta maji huko, na hapo ndipo tumbo linaponguruma. Kigoma, kwenye unyevu wa ziwani, kopo likiachwa wazi unga hushikana mabonge. Bonge kavu lisilobadilika rangi wala harufu linasagika na kutumika. Likilowa, tupa.

Wanga ndio unaojaza

Baada ya kreatini kukaa mahali pake, kinachoamua kujaa katika wiki ya mwisho ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli. Kila gramu moja ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu aliyekula wanga kidogo kwa wiki nyingi ana misuli iliyopungukiwa, na hapo ndipo wengi huona wamenywea na kulaumu kreatini kwa kuwa haikuwajaza, au kuilaumu kwa kuwa imewafunika. Kreatini haina hatia katika kesi zote mbili.

Kiasi cha wanga hakikisiwi siku ya mwisho. Kinajaribiwa wiki tatu kabla, mwishoni mwa wiki ya kawaida. Mshindani wetu wa kilo 74 alikuwa akila gramu 180 za wanga kwa siku. Alhamisi na Ijumaa ya jaribio anakula gramu 350 kila siku, bila kubadilisha chumvi, maji wala kreatini. Jumamosi asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, anajipima uzito, anapima kiuno usawa wa kitovu, na anapigwa picha mbele, nyuma na ubavu, kwenye dirisha lilelile na saa ileile aliyopigwa Jumatano. Picha ya jioni chini ya taa haifananishwi na ya asubuhi.

Tuseme uzito umepanda kilo 0.8 na kiuno hakijasogea. Hesabu inaingia: gramu 200 hivi za glaikojeni na gramu 600 za maji yake. Picha inaonyesha mabega yamejaa na mstari wa tumbo upo. Kipimo kimepatikana. Wiki moja baadaye angeweza kujaribu gramu 500 aone. Kama uzito ungepanda kilo 1.7, kiuno kikaongezeka sentimita 2 na mgongo wa chini ukawa na ukungu, angejua kwamba amepita mahali ambapo misuli yake inapokea. Wanga uliozidi hubaki njiani na hubeba maji nje ya seli pia, na tumbo lenyewe huwa limebeba chakula. Hapo tena kopo la kreatini litasingiziwa, ingawa lilikuwepo kwenye jaribio la kwanza pia na halikufunika kitu.

Gramu 350 ni nini kwenye sahani? Mchele mkavu gramu 300 kabla ya kupikwa hutoa kama gramu 235. Viazi vitamu vya kuchemsha gramu 400 huleta 80. Vijiko viwili vikubwa vya asali, na Tabora haikosi asali, huleta 33 au zaidi kidogo. Gawanya kwenye milo mitano. Maharage, dona na kabichi vipungue siku hizo mbili, kwa ajili ya gesi tu. Mafuta mengi, yakiwemo mawese, yapungue pia kwa kuwa yanachelewesha chakula tumboni.

Wanawake waandike kwenye picha ni siku ya ngapi ya mwezi wao. Maji ya siku za kabla ya hedhi yanaweza kufuta kazi ya jaribio zima kwa macho, na mtu akapunguza wanga bila sababu.

Chumvi: usiikate, isawazishe

Kosa kubwa linalofanywa pamoja na kuacha kreatini ni kukata chumvi. Sukari ya chakula hupenya ukuta wa utumbo ikisaidiwa na sodiamu. Kreatini nayo huingia kwenye msuli kwa mlango unaohitaji sodiamu. Damu yenyewe hupungua ujazo chumvi na maji vikikatwa, na damu ikipungua mishipa haitokezi na misuli haivimbi unapoipasha nyuma ya jukwaa. Zaidi ya hapo, mwili ukihisi chumvi imekosekana huamuru figo kuishika kwa nguvu, kwa hiyo kidonge cha chumvi utakachokula baadaye kitakaa.

Kinachotakiwa ni usawa. Chumvi nyingi ya watu wa huku inatoka kwenye vitu visivyopimwa, na dagaa ndiye wa kwanza. Fungu moja la dagaa wa Kigoma wamekaushwa bila chumvi, fungu jingine wametiwa chumvi nyingi ili wasafiri. Ukila la kwanza Jumatatu na la pili Ijumaa, umebadilisha chumvi yako mara kadhaa bila kujua. Wiki ya mwisho weka dagaa pembeni, na migebuka ya kukausha pia. Kula kuku, nyama isiyo na mafuta au samaki mbichi, kisha tia chumvi kwa kupima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hadi 6 za chumvi. Pima chumvi yako ya siku nzima asubuhi, iweke kwenye kikopo, itumie hiyo tu. Iwe ya Uvinza au ya dukani, jambo ni kipimo kisibadilike. Kama ulikuwa ukila gramu 6 wakati wa jaribio, kula 6 hadi siku ya jukwaa. Jotojoto la Tabora la Septemba na Oktoba likikutoa jasho jingi, usipunguze.

Maji ni vivyo hivyo. Anayekunywa lita 3.5 aendelee na 3.5. Kunywa lita nane Jumatano ili ukate Ijumaa ni mchezo mbaya: maji mengi bila chumvi yanaweza kushusha sodiamu ya damu hadi mtu apoteze fahamu, na kukata ghafla hukausha msuli pamoja na ngozi, kwa kuwa mwili hauchagui sehemu kwa ajili ya majaji.

Wiki yenyewe, siku kwa siku

Mashindano ni Jumamosi jioni Dar es Salaam. Mshindani wetu yuko Tabora.

Jumapili anafanya mazoezi ya mwisho mazito ya miguu. Misuli iliyochanwa na mazoezi mazito hushika maji ya uvimbe kwa siku kadhaa, na mapaja huchukua muda mrefu kuliko mengine, ndiyo maana yanapumzishwa mapema. Jumatatu na Jumanne anafanya mwili wa juu kwa uzito wa wastani, marudio 12 hadi 15, bila kufika mwisho wa nguvu. Wanga unabaki 180. Kreatini gramu 5 pamoja na chakula cha mchana, kama kawaida.

Jumatano anasafiri. Hapa wengi wa mikoa yetu hukosea kwa kusafiri Ijumaa ili kuokoa pesa ya gesti. Tabora hadi Dar kwa reli ni takriban kilomita 840, na kutoka Kigoma ni zaidi ya 1,200. Kukaa kitini saa nyingi hushusha maji miguuni, na vifundo huvimba. Uvimbe huo huisha ukilala vizuri usiku mmoja au miwili. Wa Tabora akiondoka Jumatano kwa basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme hadi Dar, siku zake zote mbili za wanga anazipata akiwa ametulia. Wa Kigoma aondoke Jumanne. Njiani asimame na kutembea kila gari linaposimama, na avae soksi za kubana kama anazo.

Chakula cha njiani ni suala la usalama, si ladha tu. Wali uliokaa kwenye hotipoti yenye uvuguvugu kwa saa nane au kumi huotesha bakteria wanaotapisha na kuharisha, na kuharisha siku tatu kabla ya jukwaa hakuna dawa ya kukurudishia misuli. Beba viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopoa, mayai yaliyochemshwa asubuhi hiyo kwa mlo wa kwanza, ndizi mbivu na chumvi yako kwenye kikopo. Kreatini ibebe kavu, kwenye kopo lake lenye karatasi. Unga mweupe ndani ya kimfuko utakuletea maswali kwenye ukaguzi.

Alhamisi na Ijumaa ni gramu 350 za wanga, zilezile za jaribio, bila mazoezi zaidi ya kutembea na kupiga pozi. Ijumaa jioni anajiangalia. Akiona amenywea kidogo, haongezi gramu 300 kwa hofu, kwani Jumamosi yote bado ipo. Akiona ukungu kidogo, anapunguza mlo wa mwisho nusu. Hayo ndiyo mabadiliko pekee yanayoruhusiwa.

Jumamosi asubuhi anapima uzito na kiuno na kulinganisha na jaribio. Anakula milo midogo ya wali au viazi, gramu 40 hadi 60 za wanga kila baada ya saa tatu, na kuku kidogo. Kreatini akinywa gramu 3 au asiponywa ni sawa. Dozi ya siku moja haionekani jukwaani. Maji anakunywa kwa mafunda hadi saa mbili kabla ya kupanda, kisha analowesha mdomo tu, kwa ajili ya tumbo lisichomoze wala kibofu kisimsumbue.

Dakika 40 kabla anakula ndizi au kijiko cha asali na chembe ya chumvi. Dakika 20 kabla anaanza kupasha: mpira wa kuvutia, pushapu, mabega ya pembeni, marudio 15 hadi 20, raundi mbili au tatu, akiishia kabla ya kutoka jasho. Tumbo na mapaja hayapashwi, kwani yakijaa damu hupoteza mistari.

Kutofautisha kunywea na kufunikwa

Hali hizi mbili kwenye kioo zinafanana, zote mtu huonekana laini, na dawa zake ni kinyume. Ndiyo maana namba za jaribio zina thamani kuliko macho ya wapambe walioko chumbani.

Aliyenywea ana uzito sawa au chini ya uzito wa jaribio, kiuno chembamba, na akipasha misuli haivimbi. Mishipa ya mkono imelala. Kinywa kikavu na mkojo wa njano iliyokolea vinamaanisha amekosa maji pia. Huyu anahitaji wanga, chumvi na maji, kidogokidogo kila nusu saa, na saa tatu au nne zinatosha kumrudisha kiasi.

Aliyefunikwa ana uzito uliozidi wa jaribio kwa kilo nzima au zaidi, kiuno kimepanuka, anapasha na kuvimba haraka lakini mistari haitoki. Huyu aache wanga kwa saa kadhaa, ale kuku tu, atembee, anywe maji ya kawaida. Asikate maji. Na aliye na uzito sahihi na kiuno sahihi lakini picha ina ukungu, atazame mafuta ya kupaka kabla ya kulaumu mwili. Mafuta yaliyozidi hung'aa chini ya taa kama bati jipya, na mng'ao huo hufuta kila kitu.

Hakuna kati ya hali hizi ambayo dawa yake ni kidonge cha kukojoza. Vidonge hivyo hutoa maji pamoja na potasiamu, na potasiamu ikiyumba moyo hupoteza mpigo wake. Mwaka 1992 Mohammed Benaziza, mtunisha misuli wa kulipwa wa kiwango cha juu duniani, alifariki saa chache baada ya mashindano Uholanzi, na kifo chake kimehusishwa na kujikausha kwa dawa hizo. Mapigo yanayoruka, misuli inayokakamaa yenyewe na kizunguzungu unaposimama si dalili za ukavu mzuri. Ni dalili za kwenda hospitali kabla ya jukwaa.

Jumapili na Jumatatu baada ya mashindano, uzito wa mshindani wetu utapanda kilo mbili, tatu au zaidi, na vifundo vya miguu vinaweza kuvimba. Amekula chipsi kuku zenye chumvi, amekunywa soda, amelala saa nne, kisha amekaa siku nzima kwenye basi la kurudi. Kreatini ni gramu 5 zilezile alizokunywa miezi minne yote, na anaweza kuendelea nazo Jumatatu mchana pamoja na chakula.